Kubana Sampuli Katikati: Jinsi Mwali Unavyopima Potasiamu ya Mbolea

Maji yenye chumvi yakifurika sufuriani na kudondokea jiko la gesi, mwali wa bluu hugeuka njano papo hapo. Njano ile ni ya sodiamu. Joto huipa atomu nguvu ya ziada, nayo huitoa upesi ikiwa nuru, na nuru hiyo daima ni ya aina moja, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Potasiamu pia ina nuru yake, nanomita 766.5, wekundu ulio ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho. Ikiwa peke yake mwalini tunaona zambarau hafifu. Sodiamu ikiwapo, hata kidogo, njano huifunika na jicho halioni kitu kingine.

Mwaka 1860, kule Heidelberg, Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliitumia tabia hii kutambua elementi zilizomo ndani ya maji ya chemchemi, na kwa njia hiyo wakaigundua sizi, elementi ambayo hakuna aliyekuwa akiijua. Wao walitaka kujua kilichomo. Mkulima aliyenunua mfuko wa mbolea ulioandikwa 17-17-17 anataka kujua kiasi, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Tarakimu ya tatu kwenye mfuko ule ni potasiamu, ikihesabiwa kwa desturi ya biashara ya mbolea kama K2O. Asilimia 17 ya K2O ni sawa na asilimia 14.1 ya potasiamu yenyewe, kwa sababu kupata K2O unazidisha K kwa 1.2046. Sasa tuseme mfuko una 16.4 badala ya 17. Tofauti ni ndogo kuliko sehemu nne kwa mia za kitu kinachopimwa. Kipimo kinachokosea kwa sehemu tano kwa mia hakiwezi kumsaidia mkulima wala kumtendea haki muuzaji, kwani kitaweza kumtia hatiani asiye na kosa na kumpitisha mwenye kosa.

Mashine inayotumika ni ya kawaida katika maabara nyingi za udongo na maji. Hutumia gesi ya mtungi, ile ile ya kupikia, pamoja na hewa kutoka kompresa. Mrija mwembamba hunyonya myeyusho, hewa huupasua kuwa ukungu, matone makubwa hushuka kwenye bomba la taka, na ukungu laini huingia mwalini. Mbele ya mwali kuna chujio la rangi linalopitisha nuru ya elementi moja tu, na nyuma yake kipokea nuru kinachotoa namba kwenye kioo. Namba hiyo haina kizio. Haisemi miligramu, haisemi asilimia. Inasema tu nuru ni kali kiasi gani kwa sasa.

Na hiyo "kwa sasa" ndiyo shida. Mtungi ukipungua, shinikizo la gesi hubadilika. Kompresa ikipata joto, au maji yakikusanyika kwenye mrija wa hewa, ukungu haubaki vile ulivyokuwa. Mtu akifungua dirisha, mwali unayumba. Kwa hiyo myeyusho ule ule uliosomeka 68 saa tatu asubuhi waweza kusomeka 66 saa tano, bila chochote kubadilika ndani yake. Kuna na tatizo la pili: nuru haiongezeki kwa ulinganifu na potasiamu. Kadiri atomu zinavyokuwa nyingi mwalini, zile za pembeni hunyonya nuru iliyotolewa na zile za katikati kabla haijatoka, na mstari wa vipimo hujipinda.

Njia ya kuyakabili yote mawili kwa pamoja ni kuibana sampuli katikati ya miyeyusho sanifu miwili, mmoja pungufu kidogo yake na mwingine zaidi kidogo, na kuisoma yote mitatu ndani ya dakika chache. Mwali ukiyumba, unayumba kwa wote. Mstari ukijipinda, kipande kifupi kilichopo kati ya hiyo miwili kinakaribia kunyooka.

Tuufuate mfuko wetu. Mbolea husagwa, huchanganywa vizuri, na gramu 2.5 hupimwa na kutiwa kwenye flaski ya mililita 250. Huongezwa maji mililita 125 na mililita 50 za amonia oksaleti ya asilimia 4, kisha huchemshwa nusu saa. Ikipoa hujazwa maji hadi alama, hutikiswa na kuchujwa kwa karatasi kavu. Dondoo hilo lina potasiamu nyingi mno kwa mwali, hivyo mililita 5 zake huchukuliwa kwa pipeti na kuzimuliwa hadi mililita 500. Mpangilio huu una faida moja ninayoipenda: lita moja ya myeyusho wa mwisho ina miligramu 100 za mbolea, kwa hiyo kila miligramu moja ya potasiamu kwa lita ni asilimia moja kamili ya mbolea. Mfuko wa haki utatoa 14.1.

Miyeyusho sanifu hutokana na kloridi ya potasiamu safi, iliyokaushwa kwenye oveni saa mbili kwa nyuzi 105 hivi. Gramu 1.907 ndani ya lita moja hutoa miligramu 1,000 za potasiamu kwa lita. Kwa bureti unatoa mililita 13 na kujaza hadi lita moja, halafu 15 kwa namna hiyo hiyo. Kila lita huongezwa pia mililita 2 za ile oksaleti, kwa kuwa sampuli iliyozimuliwa nayo inayo kiasi hicho hicho. Wengi huruka hatua hii. Isirukwe, maana kubana kunafaa tu ikiwa vinavyobana vinafanana na kinachobanwa.

Mashine huwashwa na kuachwa dakika kama ishirini huku ikinyonya maji safi, ili kichomeo kipate joto lake la kudumu. Kisha usomaji:

13 imesomeka 65.2. Sampuli 67.9. 15 imesomeka 73.6.

Sampuli imezidi ya chini kwa 2.7, na kati ya ya chini na ya juu kuna 8.4. Basi potasiamu ni 13 + 2 × (2.7 ÷ 8.4), yaani 13.64. Hiyo ndiyo asilimia ya K. Zidisha kwa 1.2046 upate K2O 16.43.

Tusiishie hapo. Unarudi kinyumenyume: 15 sasa imesomeka 72.9, sampuli 67.2, na 13 imesomeka 64.5. Mwali umeshuka kwa sehemu moja kwa mia ndani ya muda mfupi. Lakini tazama tofauti: 2.7 na 8.4 tena, jibu lile lile. Aliyesoma miyeyusho sanifu mara moja tu, kisha akailinganisha sampuli ya pili ya 67.2 na 65.2 ya mwanzo, angepata 16.23. Naye aliyetumia mmoja tu wa 15 na kuchora mstari ulionyooka hadi sifuri angepata 16.67. Mfuko ni mmoja, majibu matatu, na yote yanaonekana safi kwenye karatasi.

Usomaji ukicheza kwa 0.1 tu, jibu letu lililobanwa husogea kwa takriban 0.03. Huo ndio uwezo halisi wa mashine hii ikitunzwa. Zikiongezwa dosari ndogondogo za mizani na pipeti, na gramu nyingine 2.5 zikipimwa upya tangu mwanzo na kukubaliana na za kwanza, tunaweza kusema kwa uhakika kuwa mfuko una pungufu ya kilichoandikwa. Kama pungufu hilo linavumilika ni suala la sheria ya nchi husika. Maabara kazi yake ni kutoa namba.

Ipo hitilafu ambayo kubana peke yake hakuiondoi. Mwalini, sehemu ya atomu za potasiamu hupoteza elektroni na kuacha kutoa nuru ile tunayoitafuta. Mbolea ikiwa na chumvi ya kawaida, sodiamu yake huachia elektroni zake mwalini, potasiamu hupokonywa kidogo, na usomaji hupanda. Mbolea iliyochakachuliwa kwa chumvi yaweza hivyo kuonekana bora kuliko ilivyo. Tiba ni kutia sizi kwa kiasi kile kile katika sampuli na katika miyeyusho sanifu, elektroni zake ziwe nyingi kote. Kuna na namna rahisi ya kujipima: ongeza potasiamu unayoijua kiasi chake ndani ya sampuli, usome tena. Kama uliongeza 1.00 na ukaona 1.12, kuna kinachokudanganya humo.

Kwa sodiamu kazi hubadilika sura, kwa kuwa sodiamu iko kila mahali. Mtu akifagia chumba chenye mashine, cheche za njano huonekana zikirukaruka ndani ya mwali wa bluu: ni vumbi lenye chumvi, na kila cheche ni namba inayopaa kwenye kioo. Jasho la kidole kwenye mdomo wa kikombe linatosha kuharibu kipimo. Chupa ya kioo cha kawaida hutoa sodiamu polepole ndani ya maji yaliyohifadhiwa humo, hivyo sampuli na miyeyusho sanifu huwekwa kwenye plastiki. Na kila zamu ya usomaji huanza na maji matupu yaliyopitia hatua zote. Yasiposomeka karibu na sifuri, hakuna haja ya kuendelea.

Chukua maji ya kisima cha pwani, mahali ambapo bahari imeanza kuingia chini ya ardhi. Mililita 10 zikizimuliwa hadi 500 na kubanwa kati ya 5 na 6, jibu la 5.40 ni sawa na miligramu 270 za sodiamu kwa lita. Ladha ya chumvi kwa kawaida huanza kutambulika kwenye 200 hivi. Lakini visima vingi vya pwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana kalisi nyingi. Kalisi hutoa mwanga wa rangi ya chungwa jirani na njano ya sodiamu, na chujio la mashine za bei nafuu huuruhusu upenye. Kwa hiyo kalisi hupimwa kwanza, kisha kiasi kama hicho hutiwa kwenye miyeyusho sanifu.

Ukipeleka mbolea au maji maabara, usiridhike na namba moja chini ya cheti. Uliza kama imeandikwa kwa K au kwa K2O, kwa sababu kati ya 13.64 na 16.43 kuna ugomvi mzima usio na sababu. Kisha omba uonyeshwe usomaji wenyewe: sampuli, na miyeyusho sanifu miwili iliyosomwa kabla na baada yake. Fundi aliyebana vizuri anayo kwenye daftari lake, na atakuonyesha.