Ujumbe Ulioshuka Katikati ya Kikao

Tulikuwa kwenye kikao cha harusi, simu yangu ya Android imeunganishwa na televisheni ili wanakamati waone picha za kumbi nilizotumiwa kwa Telegram. Kwenye picha ya tatu, juu ya kioo ukashuka ujumbe wa binamu yangu: "Kaka, hivi huyo mwenyekiti wenu mwenyewe keshatoa mchango?" Mwenyekiti alikuwa kiti cha mbele.

Sauti nilikuwa nimeizima, nikadhani yamekwisha. Kumbe kuzima sauti hakuzuii maandishi kujitokeza.

Dawa yake ipo ndani ya Telegram yenyewe. Ingia Settings, kisha Notifications and Sounds. Sehemu za juu, zinazotaja watu binafsi, magrupu na chaneli, huamua nani aruhusiwe kukuarifu. Shuka hadi In-app notifications. Hapo ndipo unapoamua mambo yaweje Telegram ikiwa wazi mbele yako. Kilichoniumbua mimi kinaitwa Importance. Ukikizima, ujumbe haudondoki tena juu ya kile unachokitazama. Haupotei, utaukuta kwenye orodha ya mazungumzo, na namba yake pembeni. Ila ukitoka Telegram, arifa hujitokeza kama kawaida, kwa hiyo anayeonyesha watu kioo cha simu yake akumbuke na hilo.

Jirani na hicho kuna viwili ambavyo wengi huvichanganya. In-App Sounds ni mlio unaousikia ukiwa kwenye orodha, au unazungumza na Asha huku Juma akikuandikia. In-Chat Sounds ni vile vimilio vidogo vya mazungumzo uliyoyafungua wakati huohuo. Kuvitofautisha ni rahisi: tuma ujumbe wewe mwenyewe. Kikilia kitu unapotuma, hicho ni In-Chat Sounds. Mimi hiki nimekizima kabisa, maana ujumbe nauona kwa macho yangu, sasa kengele ya nini?

Mlio wa kupigiwa uko ukurasa huohuo, chini ya Calls, mahali palipoandikwa Ringtone. Usipoubadilisha, huenda ukafanana na wa simu ya kawaida, ukashindwa kujua ni ya laini au ya intaneti hadi uitoe mfukoni. Mtu mmoja naye anaweza kuwa na mlio wake: fungua wasifu wake, gusa Notifications, halafu Customize. Mama yangu nimemwekea wa peke yake. Hata hivyo mlio huo hufuata sauti ya simu nzima. Simu ikiwa kimya, na wa mama unanyamaza.

Kikao kilichofuata tulipitia bei za wapishi. Binamu aliandika mara nne. Wanakamati waliona masufuria tu.