RSI ya 100 kwa Hisa 100

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 kwa kampuni moja, TOL. Leo kampuni ni nyingi zaidi, lakini baadhi ya hisa hukaa siku kadhaa bila kuuzwa. Chati hujaza siku hizo kwa bei ya mwisho, na hapo ndipo viashiria huanza kupotosha.

Tuchukue hisa ya kufikirika yenye bei ya shilingi 500. Mtu mmoja ananunua hisa 100 kwa shilingi 520, kisha siku 13 zinapita kimya. RSI ya siku 14, ikikokotolewa kwa wastani wa kawaida, hulinganisha siku za kupanda na za kushuka. Hapa kuna siku moja ya kupanda na hakuna ya kushuka, hivyo inasoma 100, kana kwamba wanunuzi wameifurika hisa hiyo. Kumbe ni biashara ya shilingi 52,000 tu.

Idadi ya hisa zilizouzwa nayo hudanganya. Wakubwa wawili wakikubaliana kuuziana hisa 200,000 kwa mkupuo, mstari unaruka juu bila umma kuongeza hamu.

Kwa hiyo mwekezaji ahesabu kwanza siku zenye biashara. Zikiwa chache, chati ya wiki ni bora kuliko ya siku. Kisha amuulize dalali bei za oda zilizopo: mnunuzi akitoa 470 na muuzaji akitaka 520, bei inaweza kuruka kati ya hizo mbili bila thamani ya kampuni kubadilika.