Kujilinda Kusikoulizwa Maswali

Mwezi Juni mwaka 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita mjini Kisangani. Mabomu yaliangukia nyumba za watu ambao hawakuwa raia wa nchi yoyote kati ya hizo mbili. Kila serikali ilikuwa imejieleza kwamba iliingia Kongo kulinda mpaka wake. Kujilinda gani huko, ndani kabisa ya nchi ya jirani, na dhidi ya mshirika uliyeingia naye?

Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa haiinyimi nchi haki ya kujilinda. Inaibana tu. Lazima kwanza kuwe na shambulio la silaha. Hatua zinazochukuliwa ziripotiwe mara moja kwa Baraza la Usalama, nalo likishachukua hatua zake, suala ni lake. Sheria ya kimila ya kimataifa inaongeza kwamba nguvu itumike pale tu inapolazimu, na isizidi kipimo cha shambulio lenyewe.

Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1999, na hukumu ikatoka Desemba 2005. Uganda ilisema inawakabili waasi wa ADF waliokuwa wakivuka mpaka kuua watu wake. Mashambulio hayo yalikuwa ya kweli, na majaji hawakuyabeza. Ila hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba serikali ya Kinshasa ndiyo iliyoyafanya au kuyaagiza. Waliona pia kwamba Uganda haikuwahi kuliripotia Baraza la Usalama matukio iliyodai yaliilazimisha kujilinda. Kisha wakatazama ramani: kuteka miji na viwanja vya ndege mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulio ya kuvuka mpaka. Mwaka 2022 Mahakama iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya kila mwaka.

Hukumu ile ndiyo kilele. Kwa maoni yangu, tangu hapo tumekuwa tukiteremka, na dalili zake zilikuwepo ndani ya kesi zenyewe. Uganda ilishtakika kwa sababu mwaka 1963 ilikubali mamlaka ya Mahakama hiyo kwa hiari. Rwanda haikuwa imekubali, hivyo kesi dhidi yake iliishia mlangoni Februari 2006, bila majaji kugusa kiini cha madai. Majeshi mawili, mji mmoja, mabomu yaleyale: moja likahukumiwa, jingine halikuulizwa. Serikali zinazosoma hukumu kwa makini ziliona kwamba aliyekubali kuhojiwa ndiye aliyelipa.

Baraza la Usalama nalo halikukaa kimya. Baada ya mapigano ya Kisangani lilipitisha azimio namba 1304, likitumia Sura ya Saba, na kuzitaka Uganda na Rwanda ziondoe majeshi yao yote. Hayakuondoka siku hiyo. Yaliondoka mwaka 2002 na 2003, baada ya mikataba ya Pretoria na Luanda na shinikizo refu. Ulikuwa mwendo wa pole, lakini kauli ya Baraza, shinikizo la wafadhili na mazungumzo ya Afrika vilivuta upande mmoja.

Linganisha na mwaka 2025. Januari waasi wa M23 waliingia Goma, Februari Bukavu. Tarehe 21 Februari wajumbe wote 15 wa Baraza waliunga mkono azimio namba 2773, lililoitaja Rwanda waziwazi na kuitaka iache kuwasaidia M23 na iondoe askari wake bila masharti. Kigali ilikana kuwasaidia M23, na ikaziita hatua zake za kiulinzi dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Hofu hiyo ina historia, na asiyeitambua hataielewa vita hii. Lakini hofu ya kweli haifuti maswali yaleyale ya 2005: shambulio lipi, la nani, na kuushika mji wa Bukavu kunalingana nalo vipi?

Vyombo vya kanda, vilivyopaswa kusaidia, vilipishana njiani. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda, kwa kuwa kilitarajiwa kupigana na M23 nacho hakikuwa na nia hiyo. Cha SADC, chenye askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, kilikuja kupigana, na Machi 2025 viongozi wa SADC wakakifuta baada ya Goma kuanguka. Azimio 2773 likabaki bila kikosi cha kanda cha kulisimamia uwanjani.

Sasa Kongo imepeleka madai dhidi ya Rwanda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoamua Juni 2025 kwamba ina mamlaka ya kuyasikiliza. Mahakama hiyo inaweza kupima mauaji, ubakaji na kufukuzwa kwa watu makwao. Swali la nani alimshambulia nani, na kama kujilinda kulikuwa kujilinda, haikuundwa kulijibu.