Anwani Kichwani, Ukaguzi Mkiani

Mguu wa meza ulikuwa umeukandamiza waya wa mtandao, wala hakuna aliyejua. Katika ofisi niliyoitwa, mafaili yalifunguka kwa kusuasua, na swichi tatu zilizofuatana kwenye njia moja zote zilionesha hesabu ya `CRC` ikipanda. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshabadili nyaya mbili zisizo na kosa lolote.

Simlaumu. Data husafiri katika vifurushi viitwavyo fremu. Baiti 6 za mwanzo ni anwani ya mpokeaji. 4 za mwisho ni namba ya ukaguzi, ambayo mtumaji ameikokotoa kutokana na yote yaliyotangulia. Swichi basi huijua njia mapema, lakini huujua uzima wa mzigo mwishoni kabisa.

Kuna swichi zinazopokea kwanza, kisha ndipo zikapeleka. Husubiri fremu nzima iingie kwenye kumbukumbu, hukokotoa upya, na namba zikipishana huitupa papo hapo. Gharama yake ni muda. Fremu kubwa ya kawaida ina baiti 1518, yaani biti 12,144. Kwenye waya wa megabiti 10 kwa sekunde, kuipokea yote huchukua milisekunde 1.2, na kila swichi ya mbele huanza kusubiri upya.

Kampuni ya Kalpana ya Marekani, ilipoleta sokoni swichi yake ya Etherneti mwaka 1990, ilishika njia nyingine: ukishasoma anwani, anza kupeleka huku mkia ungali unaingia. Kusoma baiti 14 za kichwa kwenye waya uleule huchukua mikrosekunde 11 hivi, pungufu ya moja ya mia ya muda ule. Ila kosa linapogunduliwa, kichwa kimeshatoka kama injini ya treni iliyokwishaiacha stesheni. Swichi hulihesabu tu. Fremu mbovu husonga mbele hadi itupwe na mwingine.

Swichi zetu tatu zilikuwa za aina hii, mitumba kutoka kituo cha data. Fremu moja mbovu ilihesabiwa mara tatu. Hapo huna budi kurudi nyuma, kuelekea data inakotoka, hadi swichi ya kwanza inayohesabu, kisha ukague waya unaoingia kwenye mlango huo. Ndivyo nilivyofika chini ya meza. Zingekuwa zile zinazosubiri, ni ya kwanza peke yake ambayo ingelalamika.

Haraka hiyo nayo ina mipaka. Mlango wa kutokea ukiwa na shughuli, au ukiwa na kasi kuliko wa kuingilia, fremu italazimika kungoja hata hivyo. Na kwenye waya wa gigabiti 1, kuipokea fremu nzima ni mikrosekunde 12 tu. Soko la hisa litazililia hizo. Ofisi inayofungua mafaili ya mishahara haitazihisi, kwa hiyo niliwashauri wanunue zinazosubiri.