Unaripoti Lini Mwanza?

Swali lenyewe huja mwishoni mwa simu, mshahara ukishatajwa na moyo umeshalainika. "Kaka, kituo cha kazi ni Mwanza. Uko tayari kuhama? Na unaweza kuripoti lini?" Wengi hujibu papo hapo: nipo tayari, hata kesho. Afisa ajira anaandika tarehe 1 Julai kwenye fomu yake, na kuanzia hapo mwombaji anabaki kuombaomba siku ambazo alikwisha kuzitoa bure.

Tuchukulie mhasibu wa kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, aliyepigiwa simu hiyo katikati ya Juni. Mkewe ni nesi katika hospitali ya serikali. Mtoto wao wa kwanza yuko darasa la saba, wa pili darasa la pili. Ni familia ya kawaida kabisa, lakini hakuna tarehe moja inayoweza kuwafaa wote wanne. Jibu zuri kwa afisa ajira linaanzia hapo: tarehe ya kuripoti kazini ni moja, na tarehe ya familia kuhama ni nyingine. Anayezichanganya hupoteza zote mbili.

Tarehe ya kuripoti inategemea notisi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, akishapita mwezi wake wa kwanza kazini. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ilimradi uwe sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo la kwanza ni kuufungua mkataba kabla ya kutaja siku yoyote. Ujanja unaowaponza wengi ni wa likizo. Mtu ana siku zake za likizo hazijatumika, anapiga hesabu kwamba ataandika notisi leo na kuondoka likizo kesho, ili siku 28 ziishie nyumbani. Sheria hairuhusu notisi kutolewa mtu akiwa likizo, wala viwili hivyo kwenda sambamba. Na anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kumkata kwenye malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angekipata kwa siku hizo.

Upande wa shule ndio mgumu zaidi, na afisa ajira asiye na mtoto wa umri huo huenda asiuelewe mpaka aelezwe. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Mtahiniwa ameshasajiliwa, na namba yake ya mtihani imefungwa na shule anayosoma. Kumhamisha Julai ni kumng'oa miezi miwili kabla ya mtihani, wakati wenzake wako kambini wakifanya majaribio. Wa darasa la pili hana kikwazo hicho. Angeweza kuhamishwa hata muhula wa pili unapofunguliwa Julai, akaondoka na fomu ya uhamisho na namba yake ya PREM. Lakini nani amtangulize mdogo huku mama na mkubwa wamebaki Dar es Salaam?

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huligundua wakiwa wamechelewa. Shule za kutwa za kidato cha kwanza kwa kawaida hugawiwa kwa kufuata halmashauri mtoto alikomalizia darasa la saba. Mtoto wa mhasibu wetu atapangiwa shule ya Dar es Salaam, na masomo yanaanza Januari. Familia ikihama Desemba, uhamisho wake wa sekondari uanze kushughulikiwa mara tu majina yanapotoka, isiwe Januari wenzake wakiwa wameshakaa kwenye madawati.

Mke naye ni mtumishi wa umma, hawezi kuhama kwa kufunga mizigo. Anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza kupitia mfumo wa ESS, na ombi linapita ngazi kadhaa kabla ya kukubaliwa. Hakuna anayeweza kuapa litachukua muda gani. Ndiyo maana si busara kumtajia afisa ajira tarehe ya mke. Akiuliza kama mke ataacha kazi, inatosha kumjibu kwamba hilo limeshapangwa nyumbani na halitagusa siku ya kuripoti. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia, kwa hiyo mwombaji hana haja ya kujieleza kama aliye kizimbani.

Kwenye simu, basi, aseme kifupi: "Dada, nashukuru sana. Mwanza nitakwenda. Naomba nikuandikie kesho kabla ya saa sita mchana, nikupe tarehe kamili." Siku moja haimchukizi mtu, na usiku huo unatosha kusoma mkataba na kuzungumza na mwenza. Kesho yake aandike hivi:

"Habari za asubuhi, Dada. Nathibitisha kwamba niko tayari kufanya kazi Mwanza. Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya siku 28, nami nitaitoa mara nitakapopokea barua ya ajira iliyosainiwa. Nikiipata kabla ya tarehe 30 Juni, nitaripoti tarehe 3 Agosti. Familia yangu itahamia Desemba, shule zikifungwa. Naomba barua ionyeshe kwamba gharama za kuhamisha familia na mizigo zitalipwa hata wakihama wakati huo, hadi tarehe 31 Januari."

Notisi ikitolewa tarehe 1 Julai inaisha tarehe 28, na siku zinazobaki ni za safari na kutafuta chumba. Tarehe imefungwa na barua: barua ikichelewa wiki, kuripoti nako kunasogea wiki, na hakuna wa kumlaumu. Mtoto wa darasa la saba hakutajwa kabisa, kwa kuwa afisa ajira hahitaji habari zake ili kujaza fomu. Na ombi la fedha limekuja wakati kampuni bado inamtaka.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa mfukoni. Mwajiri wa sekta binafsi halazimiki kisheria kulipia gharama za kumhamishia mtu kwenye kazi mpya. Hilo ni la makubaliano, na kampuni nyingi hulipa mara moja tu, mfanyakazi anaporipoti. Anayetangulia peke yake analipwa nauli ya mtu mmoja, kisha Desemba lori la mizigo linakuwa lake. Hapo bado kuna nyumba. Mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anasubiri kodi ya mwezi mmoja. Kwa miezi ile ya upweke, chumba na sebule Nyegezi kinatosha. Nyumba ya familia itafutwe Novemba.

Umbali nao uingie kwenye hesabu. Anayehamia Dodoma anaweza kupanda treni ya SGR Ijumaa jioni akalala kwake Dar es Salaam, jambo lililowezekana tangu treni hiyo ilipoanza kufika huko mwaka 2024. Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Miezi minne ya kuishi mbali hivyo inahitaji likizo ya siku chache kukubaliwa mapema, hasa wiki ya mtihani, na hiyo iombwe kwa meneja mpya baada ya kusaini.

Afisa ajira akisema Agosti ni mbali mno, bado kuna njia. Mhasibu anaweza kumwomba bosi wake wa sasa amwachie mapema, na wakikubaliana yaandikwe. Au kampuni mpya ifidie makato ya notisi. Asichofanya ni kuandika barua ya kuacha kazi kwa kutegemea ahadi ya simu.

Barua ikifika, kabla ya kalamu, atazame mstari unaotaja mahali alikoajiriwa. Sheria inataka uwemo kwenye maelezo ya ajira, na kazi ikikoma akiwa mbali na hapo, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake kumrudisha, au kumlipa nauli. Ukiandikwa Mwanza badala ya Dar es Salaam, aurudishe ukarekebishwe siku hiyohiyo.