Kava la Inchi 18 Linataka Mto wa Inchi 20

Kava jipya la kitenge, zipu imekaa sawa, rangi zinavutia. Unaweka mto ndani, unaupanga juu ya kochi, na baada ya wiki moja umenywea, pembe zimelala kama masikio ya mbuzi. Lawama humwendea fundi cherehani, au hulaumiwa ubora wa faiba. Mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, pale mtu alipoagiza kava la inchi 18 na mto wa ndani wa inchi 18.

Mto hauna unene mpaka ujazwe, na unapojazwa pande zake huvutwa kuelekea katikati. Mfuko uliopimwa inchi 18 ukiwa bapa mezani, ukishajazwa hubaki na kama inchi 16 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiuingiza kwenye kava la inchi 18, unabaki na nafasi tupu kila upande, na kitambaa hukunjamana hapohapo. Ndiyo maana mafundi wazoefu huzidisha mto wa ndani kwa inchi 2. Kava la 18 hupewa mto wa 20, la 20 hupewa wa 22. Kwa vikava vidogo vya inchi 12 au 14, inchi moja ya ziada yatosha. Ukizidisha hapo, unapata kitu kigumu kama mpira na zipu inalia.

Kabla ya kuagiza chochote, pima kava lenyewe. Ligeuze ndani nje, ulilaze, kisha pima kutoka mshono hadi mshono. Usiamini namba uliyoambiwa dukani. Fundi akikata kitambaa cha inchi 18 na kushona nusu inchi kila upande, kava lako ni la 17. Ukitaka 18 kamili, mwambie akate 19. Na kitenge cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, maana kinaweza kurudi kidogo kwenye maji.

Sasa kujaza. Faiba, ile nyeupe ya poliesta ambayo wengi huiita pamba, ndiyo rahisi kuipata na inafulika. Kwa mto wa inchi 20, gramu 600 hivi ni kiasi kizuri cha kuanzia. Ichambue kwa vidole kabla ya kuiingiza, la sivyo inakaa mabonge mabonge. Ukibonyeza mto katikati kwa kiganja kisha ukaachia, unapaswa kuinuka wenyewe. Ukibaki na shimo, haujashiba, au faiba imechoka. Sufi ni laini na ina heshima yake Pwani, lakini hujibana kwa kukaliwa na haipendi maji, kwa hiyo huanikwa juani na kuchambuliwa. Vipande vya sponji ni bei nafuu, ila vinuka vya magodoro chakavu na uvimbe unaoonekana kupitia kitambaa chepesi ni gharama nyingine. Mimi singeviweka ndani ya kitenge.

Vyovyote utakavyochagua, usimwage vitu hivyo moja kwa moja ndani ya kava. Vishonewe mfuko wa ndani wa kitambaa imara cha bei ya chini, ili kava livuliwe na kufuliwa peke yake.

Chukua mfano wa kochi la watu watatu lenye mito minne ya inchi 18. Fundi anakata mifuko ya ndani ya inchi 21, anashona, inakuwa 20. Inahitaji faiba karibu kilo mbili na nusu kwa yote minne. Anza kujaza pembe nne, sukuma faiba kwa vidole mpaka ijae, kisha katikati. Wakati wa kuvalisha, kunja mto mara mbili, ingiza pembe za ndani kabisa kwanza, zifikishe kwenye pembe za kava, ndipo uuachie ufunguke. Zipu fupi ndiyo itakayokutesa hapa: kwa kava la 18, agiza zipu ya inchi 16 walau.

Pembe zikiendelea kuchomoza, dawa iko kwenye ukataji. Kwenye kila pembe ya kitambaa, fundi aingize alama nusu inchi ndani, kisha achore mstari unaopungua taratibu mpaka ufike ukingoni, inchi nne na nusu kutoka pembeni. Pembe itaonekana butu ikiwa bapa, lakini mto ukijaa itakaa mraba.

Kanuni ya inchi 2 haihusu sponji moja nzima iliyokatwa, kama ya viti vya mkeka au benchi. Hiyo hainywei, haivutwi pande, na ikizidi kava hupinda katikati. Kwa sponji nzima, agiza kipimo kilekile cha kava.