Mama wa Marehemu Anapata Nini? Mafungu ya Kiislamu na Sheria ya Urithi ya Kenya

Kila ninaposahihisha insha za somo la mirathi nakutana na sentensi ile ile: kwamba katika Uislamu mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, na katika Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, watoto hugawana sawa. Ni kweli, lakini mwandishi akiishia hapo hajaigusa tofauti iliyo kubwa zaidi. Hiyo huonekana ukiuliza habari za mtu ambaye insha nyingi hazimtaji kabisa, yaani mama wa marehemu. Anapata nini, na anakipata lini?

Tuchukue familia ya mfano. Mwanamume Mwislamu wa Mombasa amefariki bila kuacha wosia. Baba yake alimtangulia. Amemwacha mama yake, mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote watu wazima. Yamelipwa mazishi na madeni, pamoja na mahari ya mke iliyokuwa bado haijatolewa. Mahari hiyo ni deni; hailiwi ndani ya fungu lake la urithi, na kuisahau ni kosa linalomnyima mjane haki yake kabla hesabu haijaanza. Iliyobaki ni nyumba Kisauni na akiba ya benki, jumla shilingi 9,600,000.

Kwa fiqhi, kwanza hupewa wenye mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa. Mke ana thumuni, moja ya nane, kwa kuwa mume ameacha watoto. Asingeacha, angepata robo. Mama ana sudusi, moja ya sita, kwa sababu hiyo hiyo. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 ni 24, basi mali inakatwa sehemu 24: mke 3, mama 4, zimebaki 17. Hizi ni za watoto, ambao kwa kuwa yumo wa kiume wanarithi pamoja kama asaba, wenye kuchukua kinachobaki. Mvulana anahesabiwa vichwa viwili na kila binti kimoja, jumla vinne. Kumi na saba haigawiki kwa nne, kwa hiyo tunazidisha 24 kwa 4 tupate 96. Mke sasa ana 12, mama 16, mvulana 34, kila binti 17. Kwa fedha, mke anapata 1,200,000, mama 1,600,000, mvulana 3,400,000, na kila binti 1,700,000. Jumlisha upya kila mara. Mafungu yasiporudi 96, kuna mahali umekosea.

Tazama kwamba mama amempita mke. Tazama pia kwamba kila mmoja amekuwa mwenye mali tangu mwana huyo alipokata roho, hata kama karatasi za mahakama zitachukua miaka miwili.

Sasa iweke familia kama hiyo chini ya Sura ya 160. Lazima tuifanye si ya Kiislamu, kwa sababu tangu marekebisho ya mwaka 1990 kifungu cha 2(3) kinaondoa mali ya Mwislamu katika kanuni hizi za ugawaji. Kifungu cha 35 kinampa mjane vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya mumewe viwe vyake moja kwa moja. Mali nyingine yote, ikiwemo nyumba, anapewa kuitumia na kula mapato yake maishani mwake. Si yake kwa ukamilifu, na hawezi kuiuza atakavyo. Akitaka kuuza ili ajikimu anahitaji ridhaa ya watoto waliofikia utu uzima au ya mahakama, na kwa nyumba na ardhi ni lazima mahakama ikubali. Haki yake ikikoma, ndipo watoto watatu wanagawana sawa, kila mmoja 3,200,000 ikiwa mali haijapungua.

Na mama? Hana fungu. Kifungu cha 39 kinawafikia wazazi pale ambapo marehemu hakuacha mke wala mtoto. Alilobakiwa nalo ni kwenda mahakamani kama mtegemezi, na kwa mzazi sheria inadai athibitishe kuwa mwanawe alikuwa akimtunza hadi karibu na kifo chake. Hapo hakimu au jaji anakadiria kinachofaa. Kwa hiyo mama huyu ana ombi tu, ilhali mwenzake wa Kisauni ana sehemu 16 ambazo hakuna wa kumkadiria.

Lakini sehemu hizo 16 zina mwendo wake, na mimi huwasihi wanafunzi waufuate. Tuseme mama anafariki mwaka mmoja baadaye, nyumba haijagawanywa, na ameacha mtoto mwingine wa kiume aliye hai. Fungu lake haliwarudii wajukuu wale watatu, kwa kuwa mwana aliye hai anawazuia watoto wa nduguye aliyekufa. Linakwenda kwa ami yao. Ghafla ami ana sehemu 16 katika 96 za mali hiyo, na anaweza kudai chake hata kama mjane bado anaishi humo. Hapa ndipo familia nyingi za pwani zinapokwama: waliona haya kuzungumza mirathi msiba ukiwa mbichi, wakaacha, na vifo vikapandana. Fiqhi ina dawa yake, takharuji, yaani mrithi kukubali kutoka kwenye urithi kwa malipo waliyoafikiana. Mama angeweza kuridhika na akiba ya benki na kuiacha nyumba. Sura ya 160 inamlinda mjane asitolewe, ila watoto wanaweza kuzeeka wakisubiri. Kwa maoni yangu, kwenye suala la makazi ya mjane sheria iliyoandikwa imefikiri vizuri zaidi. Kwenye suala la mama mzazi imemwacha mkono mtupu.

Mtoto wa kiume naye ana kazi ambayo uwiano wa mbili kwa moja hauionyeshi. Mtoe katika mfano wetu, wabaki mabinti wawili. Sasa wao wana fungu lao, thuluthi mbili, yaani 16 katika 24. Mama 4, mke 3. Inabaki sehemu moja, shilingi 400,000, nayo inamwendea ndugu wa marehemu. Chini ya Sura ya 160 ndugu huyo asingeingia mlangoni maadamu kuna watoto.

Usichanganye pia mahakama na sheria. Mahakama ya Kadhi husikiliza mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake, kama Kifungu cha 170(5) cha Katiba kinavyosema. Shauri likienda Mahakama Kuu, jukwaa ndilo limebadilika. Mafungu yanabaki ya Kiislamu.

Hata hivyo mafungu hayo hayako nje ya Katiba. Kifungu cha 24(4) kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu kwa kiwango cha lazima tu, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kipengele hicho hakitoshi kumnyima urithi wa baba yake Mwislamu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Insha inayoorodhesha warithi wa Kiislamu nchini Kenya bila kuitaja hukumu hiyo imepitwa na wakati.